Mashapo ya zinki yaliyokuwa yakinipotea

Muhula mzima hapa Kisumu, kila tulipopewa chumvi ya zinki kwenye maabara tuipime kwa amonia, niliandika "hakuna mashapo" nikakosa alama. Nilikariri upya jedwali la ayoni, nikaosha neli za majaribio mara mbili, nikaomba amonia nyingine. Wapi!

Kumbe nilikuwa nikimimina amonia yote kwa mkupuo. Zinki hutoa mashapo meupe, lakini amonia ikizidi huyayeyusha mara moja, kwa hiyo sikuwahi kuyaona.

Sasa naweka kama 2 cm³ za myeyusho kwenye neli, nadondosha tone moja la amonia, natikisa, kisha natazama nikiwa nimeshika karatasi nyeusi nyuma yake. Weupe ukitokea, naandika kabla ya kuongeza tone lingine. Ndipo naongeza hadi ziada. Yakiyeyuka, nina Zn²⁺. Yakibaki, huenda ni Al³⁺ au Pb²⁺.

Naandika hivi: "Mashapo meupe, yanayeyuka katika ziada kuwa myeyusho usio na rangi." Siandiki "angavu" tena, maana hata myeyusho wa buluu wa shaba ni angavu.