Nilivyozoea kuhesabu njia za pikseli kwenye gridi ndogo

Fomula za umbali zenyewe hazikunipa taabu. Ukiwa na pikseli mbili, p na q, unatafuta tofauti ya mistari na tofauti ya safu. Ukizijumlisha umepata umbali wa mitaa, unaoandikwa D4. Ukichukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili umepata D8, umbali wa sataranji, maana ndizo hatua ambazo mfalme angehitaji kwenye ubao. Ukitumia kanuni ya Pithagoras umepata umbali wa Yuklidi.

Kazi ilikuwa kwenye swali linalofuata: njia fupi kutoka p hadi q ina hatua ngapi, ikiwa unaruhusiwa kukanyaga pikseli zenye thamani 1 peke yake? Nilichora gridi hii, nikaanza kuhesabu mistari na safu kutoka 0. p iko (0,0) na q iko (3,3).

```
1 1 0 0
0 1 1 0
0 0 1 0
0 0 0 1
```

Kwa fomula, D4 ni 6, D8 ni 3, na Yuklidi ni mzizi wa 18, yaani kama 4.24. Hapo sikuangalia thamani hata moja. Ningejaza sufuri gridi nzima na majibu yangebaki yale yale. Njia haiko hivyo. Kwa ujirani wa 4, unaoruhusu juu, chini, kushoto na kulia tu, nilitembea vizuri mpaka (2,2) nikakwama: kulia kwake ni 0 na chini yake ni 0. Njia haipo kabisa, ingawa D4 inasema 6. Kwa ujirani wa 8 nilishuka mshazari moja kwa moja, hatua 3.

Sasa ujirani wa m, ule mseto, ambao ndio nilioukalia zaidi. Umewekwa kwa sababu ujirani wa 8 una utata: kutoka (0,0) hadi (1,1) unaweza kukata mshazari au kupitia (0,1), na njia zote mbili ni halali. Ujirani wa m unaondoa utata huo kwa sharti moja. Mshazari unaruhusiwa pale tu ambapo pikseli hizo mbili hazina jirani wa 4 wa pamoja mwenye thamani inayokubalika.

Kilichonirahisishia ni kuacha kutafuta njia kwa macho. Kila mshazari wenye 1 pande zote mbili, nilitazama zile pembe mbili nyingine za mraba wake wa 2 kwa 2. Zote zikiwa 0, nachora mstari. Hata moja ikiwa 1, naufuta. Mshazari wa (0,0) na (1,1) ulifutika kwa sababu ya (0,1). Ule wa (0,1) na (1,2) ukafutwa na (1,1), na wa (1,1) na (2,2) ukafutwa na (1,2). Ukabaki mmoja, wa (2,2) na (3,3). Baada ya hapo njia ni moja tu: (0,0), (0,1), (1,1), (1,2), (2,2), (3,3). Hatua 5.

Kisha nikaichezea gridi, na hapa ndipo pananifurahisha mpaka leo. Nilipogeuza (0,1) kuwa 0, mshazari wa kwanza ukaruhusiwa na njia ya m ikafupika hadi hatua 4. Nilipoirudisha na badala yake nikaweka 1 kwenye (2,3), njia ikarefuka hadi 6. Yaani kuongeza pikseli ya kukanyaga kumerefusha safari! Katika ujirani wa 4 au wa 8 jambo hilo haliwezekani, kwani pikseli mpya huongeza mapito bila kufunga lolote. Kwa hiyo mtu akibadilisha thamani moja kwenye swali, mimi huchunguza upya kila mshazari ambao mraba wake wa 2 kwa 2 una pikseli hiyo, sitegemei jibu la awali.

Kwenye kompyuta, tofauti ya ujirani nimeiona wazi zaidi katika kuhesabu vipande vilivyoungana. Kwa gridi ile ya mwanzo, ikiwa ndani ya `a`:

```python
import numpy as np
from scipy.ndimage import label

label(a)[1]                    # 2
label(a, np.ones((3, 3)))[1]   # 1
```

SciPy isipoambiwa kitu hutumia ujirani wa 4, hivyo q inahesabiwa kuwa kipande chake peke yake. `bwlabel` ya MATLAB hutumia ujirani wa 8 usipotaja, nayo ingetoa 1. Hesabu za programu mbili zikigongana kwenye picha ile ile, mimi huanza kutafuta pikseli zinazogusana kwa pembe tu.