Nilivyounda fomu ya kuomba ushauri kwenye tovuti ya mawakili bila kuvujisha siri

Kwenye tovuti ya ofisi ya mawakili niliyoitengeneza, kazi kubwa ilikuwa fomu ya kuomba miadi. Fomu nyingi za aina hii zina kisanduku kipana kinachosema "Tueleze tatizo lako", na hicho ndicho nilichokiondoa kwanza.

Chukua mfano wa mtu aliyefukuzwa kazi. Akikuta kisanduku hicho atamimina kila kitu: ushahidi alio nao, mashahidi wake, hata kiasi cha chini ambacho yuko tayari kukubali ili yaishe. Kumbe mwajiri wake ni mteja wa ofisi hiyohiyo. Wakili akishasoma maelezo yale hawezi tena kujifanya hakuyasoma, na huenda akalazimika kujitoa kwenye kesi ya mteja wake wa siku zote. Ofisi ya wahasibu nayo haijanusurika, maana wabia wawili wanaogombana wanaweza kuiandikia wiki moja, kila mmoja akificha jambo lake.

Kwa hiyo fomu inauliza tu kile kinachohitajika kukagua mgongano wa maslahi: jina la mwombaji, jina la upande wa pili, aina ya suala kwa kuchagua kwenye orodha, namba ya simu, na kama kuna tarehe ya mwisho ya kufungua shauri au kujibu barua. Niliongeza swali moja linalosahaulika sana: je, tukipiga simu asipokee, tumwachie ujumbe? Anayetafuta talaka huenda simu yake inashikwa na mwenzake. Kila kisanduku nilikiwekea kikomo cha herufi 80, kwa sababu wapo watu ambao hata kwenye nafasi ya jina wataanza kusimulia. Juu ya kitufe kuna maneno haya: "Kutuma ombi hili hakukufanyi uwe mteja wetu. Usiandike undani wa suala lako hapa. Ombi hili halisimamishi muda wa kisheria."

Hata hivyo, majina mawili na neno "talaka" tayari ni siri. Inabaki kuangalia yanapita wapi. Uzembe wa kawaida ni fomu inayotumwa kwa `GET`, ambapo kila kilichojazwa kinaingia kwenye anwani ya ukurasa, na anwani hiyo hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Tumia `POST`, na ukurasa wa shukrani uwe na anwani isiyobeba chochote:

```html
<form method="post" action="/ombi">
```

Kwenye ukurasa wa fomu na ule wa shukrani sikuweka kabisa vifuatiliaji vya matangazo wala zana za kurekodi mienendo ya wageni. Baadhi ya zana hizo hunasa maandishi hata kabla mtu hajabonyeza "Tuma".

Barua pepe ndiyo inayosumbua zaidi. Kwa kawaida programu-jalizi za fomu hutuma majibu yote kwenye sanduku la ofisi, na wakati huohuo nyingi huweka nakala kwenye hifadhidata ya tovuti, ambayo nayo huingia kwenye nakala rudufu. Ghafla siri moja ina makao matatu. Niliacha moja tu, yaani hifadhidata. Barua pepe inayofika ofisini inasema "Ombi jipya, namba 214" pamoja na kiungo cha kuingia kwa nywila, basi. Nyaraka hazipokelewi hapo kamwe, kwa kuwa faili zilizopakiwa mara nyingi hukaa kwenye folda ambayo yeyote mwenye anwani yake anaweza kuifungua.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Jaza fomu kwa neno ambalo haliwezi kupatikana kwingine, kama `zumaridi7714`, kisha litafute kila mahali:

```
grep -r "zumaridi7714" /var/log/nginx/
```

Amri hiyo isirudishe kitu. Litafute pia kwenye sanduku la barua pepe, kwenye zile zilizotumwa, na kwenye takwimu za wageni. Likionekana popote nje ya hifadhidata, hapo pana tundu. Rudia jaribio kila programu-jalizi inaposasishwa, kwani mipangilio inaweza kurudi ya awali.

Ya kujenga imani ni mepesi zaidi: majina na picha za mawakili, namba zao za usajili, na maelezo ya hatua za shauri la kila aina. Shuhuda za wateja sikuziweka, kwani huenda hata kujulikana kwamba mtu fulani alimwona wakili wa ufilisi kukamdhuru. Na masimulizi ya kesi "bila majina" hayafichi kitu iwapo yanataja sekta, mwaka na kiasi cha fedha. Mshindani wa mteja huyo atamtambua papo hapo. Ukilazimika, bakiza tatizo la kisheria na jinsi lilivyotatuliwa, vingine futa, kisha mwombe mteja mwenyewe idhini ya maandishi.