Simu ya kazi, nimeisikiliza mara tatu

Jamani leo nimepigiwa simu ya kazi!! Nilimwomba bosi aliyenipigia ruhusa nirekodi akasema sawa, dakika kumi na moja hivi.

Nilipokata nikamwambia dada mshahara mnono, naanza tarehe 1, imeisha hiyo.

Jioni nikakaa na daftari niandike kwa ufupi, mshahara, siku ya kuanza, majukumu, masharti, na kila kitu naweka dakika kilipotajwa ili nisibishane na kumbukumbu yangu.

Dakika ya 4 ndo nikaganda. Anataja ile hela, halafu kwa sauti ya chini, "ukijumlisha na posho ya usafiri." Dakika ya 9 huko, tukiwa kwenye masharti, anasema posho zinaanza baada ya miezi mitatu ya majaribio. Yaani ile hela niliyomtangazia dada siipati mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, na kama amesema kabla ya makato au baada, hakuna popote kwenye rekodi.

Na tarehe 1? Alisema "tukipata majibu ya wadhamini wako." Hilo "tukipata" sikulisikia kabisa mchana 😅

Majukumu nimeandika mstari mmoja tu, yalikuwa wazi.

Pale kwenye makato sijakisia, nimeandika "haikutajwa, niulize." Nimemtumia muhtasari kwa imeili athibitishe kwa maandishi kabla sijaaga nilipo.

Nyie mlishawahi kusikia mshahara kwa masikio ya furaha? Semeni nisijione peke yangu