Imeli kali kutoka Dar, lori limesimama Kasumbalesa

Alhamisi, Lubumbashi

Leo asubuhi, nikiwa sijakaa vizuri kwenye kiti cha biro, niliikuta imeli ya msafirishaji wetu wa Dar es Salaam. Haikuwa na salamu. «Gari limekwama kwa uzembe wenu. Siku nne za kusimama, dola 800. Lipeni au nashusha mzigo. Msinipotezee muda.» Nakala alikuwa amempelekea mteja wetu, mwenye tairi zilizo ndani ya lori hilo.

Mwili ulinichemka, tena sana. Jawabu nilikuwa nalo tayari: kichwa cha lori kiliharibika Tunduma, yeye mwenyewe akafunga kichwa kingine kwenye tela, asitwambie. Manifesti ikabaki na namba ya zamani. Jumanne duane ya Kasumbalesa ikaona namba hazilingani, ikasimamisha faili. Ningeweza kumwandikia hayo kwa mistari miwili na yangekuwa kweli tupu. Ila lori lisingesogea hata mita moja, kwa sababu kilichokuwa kinakosekana ni barua ambayo yeye peke yake anaweza kuitia saini.

Basi niliisoma tena nikitafuta mambo ambayo mtu anaweza kuyahakikisha. Nikayapata mawili: anasema siku ni nne, na anataka gari lake litoke. Neno «uzembe» haliwezi kupimwa kwa karatasi yoyote, nikaliacha lilale hapo lilipo. Wala sikumwambia kwamba lugha yake si nzuri. Ukishamwambia mtu hivyo, imeli inayofuata itakuwa ya kubishana juu ya adabu, na dereva bado analala ndani ya kabini.

Kabla ya kuandika nilimpigia dereva. Aliniambia alifika foleni ya upande wa Zambia Ijumaa tarehe 6, akaingia yadi ya upande wetu Jumatatu tarehe 9. Nilifungua mkataba: siku tatu ni za bure, kuanzia lori linapoingia yadi, halafu dola 200 kwa siku. Kumbe yeye alianza kuhesabu tangu foleni. Kwa mkataba, siku ya kwanza ya kulipiwa ni leo tarehe 12.

Niliandika huku sehemu ya anwani ikiwa tupu, mkono usije ukanitangulia. Niliyotuma ni haya:

«Ndugu, habari za asubuhi. Lori liliingia yadi ya Kasumbalesa tarehe 9, na kwa mkataba siku za kulipiwa zinaanza leo tarehe 12. Manifesti ina namba ya kichwa cha kwanza. Kichwa kilichofika kina namba nyingine. Ombi la marekebisho liko duane tangu jana, linangoja barua yenu yenye namba zote mbili pamoja na nakala ya kadi ya kichwa kipya. Mkiituma kabla ya saa sita ya Lubumbashi, yaani saa saba ya Dar, dekleran wetu ataiweka leo hii. Hesabu ya malipo tutaifanya pamoja lori likishatoka. Nitakuandikia tena saa kumi ya huku, hata kama hakuna jipya.»

Katika rasimu kulikuwa na «kama mnavyojua wenyewe». Nikaifuta. Maneno ya namna hiyo yana sura ya heshima, lakini msomaji anayahisi kama kisu. «Mlibadilisha kichwa» nayo nikaigeuza, nikaacha namba zijisemee. Msamaha sikuuomba pia: ukiuandika kabla ya kujua kosa ni la nani, kesho utaukuta umebandikwa kwenye fakitire. Mteja nilimwacha kwenye nakala, kwa sababu kumtoa kungeonekana kama kuficha kitu. Sikuongeza mtu mwingine, maana kumwita bosi wa mtu mbele ya watu ni kumpandisha hasira upya.

Barua ilifika kabla ya saa sita, bila neno hata moja juu yake. Saa kumi nilimwandikia kama nilivyoahidi: barua imewekwa, tunangoja saini. Akajibu «Sawa.»

Kama angerudia kutishia kushusha mzigo, ningemjibu kwa sentensi moja tu, kwamba mzigo uko chini ya duane na haushushwi bila ruhusa yake, halafu ningemwachia mteja na mkataba wake. Upole wa maandishi una mpaka. Mtu akiugusa mzigo, hilo si suala la lugha tena.

Jumamosi

Lori lilitoka jana jioni. Fakitire imekuja na siku mbili, tarehe 12 na 13, dola 400. Siku za foleni ameziondoa mwenyewe. Mteja alimpigia kuhusu kile kichwa cha Tunduma, wakakubaliana kila mmoja abebe siku moja. Wiki ijayo kuna lori lake lingine linapakia Dar, na safari hii ameshatuma namba ya kichwa na ya tela.