Ninavyohesabu mizani kabla ya kutaja bahari

Nikikabidhiwa shairi la mtihani, sigusi jina la bahari, yaani aina ya shairi, mpaka nihesabu mizani ya ubeti mzima, mshororo kwa mshororo. Nimetunga ubeti huu wa kufanyia mazoezi:

Msimu wakaribisha, nchi ingali gizani,
Mkewe amemwamsha, mkulima yu njiani,
Mbegu amezikausha, amezitia kapuni,
Jembe halijamchosha, nguvu zi tele mwilini.

Nachora mkwaju kila silabi inapokatika: M/si/mu/ wa/ka/ri/bi/sha. Nane. Kipande cha pili: n/chi/ i/nga/li/ gi/za/ni. Nane tena, jumla 16. Wanafunzi wengi hupata 7 katika kila kipande hapa, kwa sababu husoma "msi-mu" na kuifanya "nchi" silabi moja. Mshororo wa tatu huwapotosha kwa upande wa pili: wakishaonywa kuhusu m, huandika "m-be-gu" wakapata 9. Katika "mbegu" m imeshikana na b, hivyo ni mbe-gu.

Kipimo changu ni kutamka polepole na kuuliza m hiyo imetoka wapi. Ikiwa ni kiambishi cha ngeli au cha mtendwa, husimama peke yake: m-ku-li-ma, ha-li-ja-m-cho-sha. Ndiyo maana mbuni, yule ndege, ana silabi mbili, ilhali mbuni, mti wa kahawa, una tatu. Maneno mafupi kama mbu, mbwa na nchi nayo huipa m au n silabi yake. Kwa "mwa" katika a-me-mwa-m-sha, w haiongezi kitu. Kinachohesabiwa ni irabu a.

Mtu akipata 15 hukimbilia kusema shairi ni guni. Mimi hurudia kwanza mshororo huo, hasa palipo na m na n. Ikibaki 15 huku mingine ikiwa 16, hapo guni ina ushahidi.

Baada ya hapo majina huwa mepesi, mradi usichanganye vigezo. Mishororo minne hutupa tarbia. Vipande viwili, ukwapi na utao, hutupa mathnawi. Shairi moja hubeba majina yote mawili bila ugomvi, na mtahini hutaka uthibitisho wa kila moja. Ukikata "nguvu zi tele mwilini", mshororo wa mwisho unabaki na mizani 8 na shairi linakuwa msuko.

Vina ndivyo vinavyodai subira. Hapa vya kati ni -sha na vya mwisho ni -ni, lakini ubeti mmoja hautoshi kuamua. Nalinganisha na beti zinazofuata: vyote viwili vikidumu hadi mwisho, ni mtiririko, vya upande mmoja vikidumu na vingine vikibadilika, ni ukara, vyote vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Vivyo hivyo, mshororo wa nne nauita kibwagizo endapo tu umerudiwa katika ubeti wa pili. Usiporudiwa, ni kiishio.