Barua yangu baada ya usaili wa uhasibu Lubumbashi

Mtanzania mwenye cheti cha CPA anapoomba kazi ya mhasibu msaidizi hapa Lubumbashi, anayemsaili hana shaka kama ataiweza kazi hiyo. Shaka yake ni kama atakaa. Kabla ya kuhamia huku na familia yangu nilikuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya malori Mbeya. Katika usaili wangu, mama aliyeongoza kikao aliisoma karatasi yangu hadi mwisho, akaweka kalamu mezani, akaniuliza: "Papa, kule ulisimamia watu, na hapa utaingiza ankara za wauzaji. Mgodi ukikuita, si utatuacha?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba swali lake ni la haki na kwamba ningependa kumwandikia jibu kamili. Nilimwandikia jioni ileile, kabla hawajakaa kuamua.

Barua ya namna hii inasimama au kuanguka kwa sababu moja tu: kwa nini cheo hiki kidogo kinakufaa sasa, kuliko kile kikubwa ulichokizoea. Kwangu sababu hiyo imo ndani ya kazi yenyewe. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na hesabu za kampuni hapa huandikwa kwa mfumo wa SYSCOHADA, ambao toleo lake lililofanyiwa marekebisho lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Tanzania haimo katika umoja huo. Sisi hufuata viwango vya kimataifa vya IFRS, na kila kampuni hupanga namba za akaunti zake inavyoona vema. Hapa namba hizo zimepangwa na sheria. Ankara ya vipuri vya dola 1,000, yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, humweka muuzaji katika akaunti 401 kwa dola 1,160, na zile 160 tutakazoidai serikali huenda 445, wala si 443, ambayo ni ya kodi tunayowatoza wateja. Aliyeandika ankara hizo kwa mkono wake mwezi baada ya mwezi huliona kosa hilo mara moja. Msimamizi aliyetoka nje anaweza kulitia sahihi bila kujua, nami sikutaka kuwa msimamizi wa aina hiyo.

Kiini cha barua, niliyoiandika kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi huku, kilikuwa hiki:

"Mama, ni kweli kwamba nafasi hii iko chini ya ile niliyokuwa nayo Mbeya. Ninaiomba kwa sababu sijawahi kufunga hesabu za mwaka kwa SYSCOHADA, na siwezi kusimamia kazi ambayo sijaifanya. Ninakusudia kubaki nanyi hadi tufunge hesabu za miaka miwili mfululizo. Mshahara mlioutaja ninaukubali kama ulivyo. Mhasibu mkuu wenu ni mdogo kwangu kwa umri, lakini mfumo huu anaujua kuliko mimi, na nitafuata maelekezo yake."

Miaka miwili sikuitaja kwa kupendeza. Mwaka wa hesabu katika OHADA huisha tarehe 31 Desemba, na taarifa za fedha hutakiwa kukamilishwa ndani ya miezi minne inayofuata. Ufungaji wa kwanza unafuata wanaojua, na wa pili unaubeba mwenyewe. Mwajiri akiona kwamba muda unaoutaja unatokana na kalenda ya kazi yake, ana kitu cha kupimia neno lako.

Kuhusu mshahara na umri wa bosi, sentensi moja kwa kila jambo inatosha, kwa sababu ukirefusha utaonekana unajishawishi mwenyewe. Familia yangu sikuiweka katika barua, ingawa ndiyo iliyonileta, maana mke na watoto huonyesha kwa nini niko Lubumbashi, lakini hawamwambii mwajiri chochote kuhusu kwa nini nataka kuingiza ankara. Niliepuka pia kuandika kwamba niko tayari kwa kazi yoyote, kwani anayesema hivyo ndiye huondoka kazi bora inapojitokeza. Wapo wanaoshauri kuficha cheti kwenye wasifu. Mimi ninakataa kabisa, kwa sababu waajiri hupigiana simu, na kilichofichwa kikijulikana huharibu hata sababu iliyokuwa ya kweli.

Yule mama alinipigia kuuliza jambo moja tu: kama mgodi ukitoa nafasi katikati ya mwaka, nitafanya nini? Nilimjibu kwamba sitaomba kabla ya ufungaji wa pili, na nikapewa kazi. Kama mpango wako wewe ni wa miezi michache, usiazime miaka yangu miwili. Andika miezi yako ilivyo, na uombe mkataba wa muda maalumu, ambao sheria ya kazi ya Kongo inautambua.