Siku Moja Maishani Mwangu: Upinde Usiofika

Saa 11:00 alfajiri. Niliamka mapema kuliko kawaida, kwa sababu siku hiyo tulipaswa kudurufu mtihani wa utamirifu wa Hisabati wa darasa la saba kwa ajili ya shule sita za kata yetu. Mimi hufundisha Hisabati katika mojawapo ya shule hizo, na nilikuwa mmoja wa walimu watatu walioteuliwa kuhakiki maswali yaliyotungwa na wenzetu. Kabla ya kutoka nilitia mfukoni rula, bikari na penseli iliyochongwa vizuri. Mke wangu alinitania kwamba nilikuwa nakwenda kufanya mtihani, wala si kuuchapisha.

Saa 1:30 asubuhi. Nilifika kituo cha walimu, mahali ilipo mashine ya kudurufu. Mwalimu wa taaluma, ambaye ni mama mtu mzima kuliko sisi sote, alikuwa amekwishafika na funguo za kabati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatukumbusha utaratibu: simu zote mezani, hakuna karatasi itakayotoka chumbani, na kila nakala itakayoharibika itachomwa jioni mbele yake.

Saa 2:00 hadi saa 4:00. Saa hizi zilipita katika kuhesabu rimu, kuandika majina ya shule juu ya bahasha na kusubiri umeme utulie.

Saa 4:10. Fundi alianza na kurasa za mwanzo. Mashine ya namna hii hutengeneza kwanza karatasi mama kutokana na ukurasa halisi, huiviringisha kwenye pipa la wino, kisha hutoa mamia ya nakala kwa dakika chache. Kasi hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake, maana kosa lililomo kwenye ukurasa halisi huwa limekwishafika katika shule zote kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Fundi alipokuwa kwenye ukurasa wa pili, mimi niliufungua ukurasa wa tano, wenye maswali ya maumbo. Lazima nikiri hapa kwamba siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeuwekea ukurasa huo alama ya vema kwa mkono wangu. Tulihakiki kwa kukokotoa tu. Kazi ya kuchora kila umbo kwa vifaa, ambayo ni desturi yangu, niliiahirisha kwa kuwa giza lilikuwa limeingia.

Swali lenyewe lilihusu msambamba ABCD. Kitako AB kilikuwa na sm 12, upande wa mshazari AD ulikuwa na sm 5, na kimo DE, kinachoshuka wima kutoka D hadi kwenye kitako, kilikuwa na sm 6. Mwanafunzi alitakiwa kutafuta (a) eneo na (b) mzingo. Mwongozo wa kusahihishia ulisema sm² 72 na sm 34, na hesabu zote mbili ni sahihi ukifuata kanuni: 12 × 6, na 2 × (12 + 5).

Nilichora AB kwa rula. Juu yake, kwa umbali wa sm 6, nilichora mstari sambamba ambao pembe D ingepaswa kukaa. Kisha nikaifungua bikari kwa sm 5, nikaiweka ncha yake kwenye A na kuzungusha upinde. Upinde ule haukuufikia mstari wa juu. Ulibaki chini yake kwa sentimita nzima. Nilidhani bikari imelegea, nikapima upya, na mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo nilipoliona nililopaswa kuliona tangu mwanzo. ADE ni pembetatu mraba yenye pembe ya nyuzi 90 kwenye E, na AD ndio upande wake mrefu kuliko yote. Haiwezekani kimo kiwe kirefu kuliko mshazari unaoanzia pembe ileile. Msambamba ule haupo duniani, ila kwenye karatasi yetu, ambako mchoro wa kompyuta haukuzingatia vipimo na kwa hiyo ulipendeza macho.

Saa 4:25. Nilimwomba fundi asimame. Alikuwa ameanza ukurasa wa tatu, nami nilikuwa na muda wa kurasa mbili tu. Mwalimu wa taaluma aliutazama mchoro wangu, akaligusa pengo kwa ncha ya kalamu, na bila kusema neno akampigia mtunzi wa swali kwa simu ya ofisi.

Mtunzi hakukubali upesi. Alisema, bila kulitaja swali kwa undani, kwamba jibu linapatikana na watoto hawatahangaika. Nilimjibu, "Mwalimu, mtoto aliyekariri kanuni hatahangaika. Atakayehangaika ni yule uliyemfundisha Paithagorasi akaielewa, kwa sababu akitaka kujua urefu wa AE atapata 25 kutoa 36." Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba swali alilitoa katika mtihani wa zamani wa shule yake, ambamo kimo kilikuwa sm 4, akakigeuza kuwa 6 ili wanafunzi wasilitambue. Tarakimu nyingine hakuzigusa. Maswali mengi mabovu niliyowahi kukutana nayo yamezaliwa kwa njia hii: tarakimu moja hubadilishwa, na nyingine zilizofungamana nayo husahauliwa.

Kurudisha 4 kungeponya umbo, kwani 3, 4 na 5 hukubaliana, lakini baadhi ya wanafunzi wangelikumbuka swali pamoja na jibu lake la sm² 48. Kwa hiyo tuliacha kimo cha 6 na kubadili mshazari kutoka 5 kuwa 10. AE inakuwa sm 8, ambayo inaingia vizuri ndani ya kitako cha sm 12. Eneo linabaki 72, na mzingo unakuwa 44.

Saa 4:40. Katibu muhtasi alibadili tarakimu kwenye kompyuta na kuchapa ukurasa mpya. Nilipousoma, maneno yalisema sm 10 ilhali mchoro bado ulisema sm 5, kwa kuwa tarakimu za mchoro zilikuwa ndani ya picha na hazikufuata mabadiliko ya maandishi. Laiti tungeutia mashineni hivyo, tungekuwa tumeondoa kosa lisiloonekana na kuweka linaloonekana na kila mtu. Ulichapwa tena. Safari hii niliupima msambamba mpya kwa bikari. Upinde ulikata mstari bila shida. Mwalimu wa taaluma akafuta 34 kwenye mwongozo wa kusahihishia, akaandika 44 na kutia sahihi pembeni.

Saa 4:55. Ukurasa wa tano uliingia mashineni.

Saa 9:00 alasiri. Bahasha sita zilifungwa kwa lakiri na kuwekwa kabatini. Kurasa zilizoharibika zilichomwa shimoni nyuma ya kituo, pamoja na karatasi yangu yenye upinde unaoning'inia. Nilitamani kuihifadhi, lakini mama yule aliniangalia tu, nami nikaitupa.

Saa 2:15 usiku. Mtunzi alinipigia nikiwa nakula. Alisema ameazima bikari ya mwanawe na kuchora umbo lile la kwanza mara tatu.

"Haufiki," akasema.

Nilimuuliza karatasi iko wapi. Akanijibu kwamba ameshaichoma jikoni.